Maji ya Pongezi, na Bili Iliyomliza Mgeni Wangu

Juzi dada mmoja wa mapokezi katika hoteli ya Diani aliniandikia: "Kaka, meneja amenipa orodha ya bei za friji ya chumbani niitafsiri kwa Kiswahili. Anaitaka Ijumaa. Ni vitu kumi na viwili tu. Nianzie wapi?"

Hilo "tu" lilinichoma. Mimi pia niliambiwa ni vitu kumi na viwili tu.

Nilikuwa nimefanya kazi ya vyumba miaka sita, katika hoteli moja ya ufuoni kaskazini mwa Mombasa, kabla ya kupelekwa mapokezi. Watalii wakipungua, hoteli ilijaa watu wa semina kutoka bara: walimu, wauguzi, maafisa wa kaunti. Mwajiri wao alilipa kitanda na chakula, na cha ziada mgeni alijilipia mwenyewe. Ugomvi wa friji ulipozidi, nikaambiwa niandike orodha kwa Kiswahili. Niliiandika usiku mmoja na nikajivunia sana.

Kila chumba kilipewa chupa mbili za maji za bure kila siku, mezani kando ya birika. Ndani ya friji kulikuwa na mbili nyingine za kuuza, shilingi 250 kila moja. Kwa yale ya mezani, karatasi ya Kiingereza ilisema komplimentari. Nikafungua kamusi, nikaandika "maji ya pongezi".

Mama mmoja mwalimu akaja kwa siku nne. Alisoma "maji ya pongezi" na kuelewa kwamba hoteli inawapongeza wageni kwa maji. Ya mezani yalikuwa ya moto, ya friji baridi. Akanywa ya friji, mbili kila siku. Asubuhi akiwa semina, mhudumu alihesabu, akajazia, akaandika kwenye daftari la nakala tatu: moja ya mapokezi, moja ya stoo, moja ikabaki juu ya friji kwa ajili ya mgeni. Ile nakala ilikuwa ya Kiingereza na sikuitafsiri, kwa sababu hakuna aliyeniambia. Mama akirudi jioni anakuta chupa mpya. Zawadi gani hiyo inayorudishwa kila siku kama si zawadi ya kweli?

Siku ya kuondoka basi lilikuwa nje, linawapeleka Miritini kuwahi treni. Nikamuuliza swali tulilofundishwa: "Umetumia chochote kwenye friji tangu jana usiku?" Akajibu kwa uaminifu: soda moja, shilingi 200. Akatoa noti ya 200 na kuiweka juu ya kaunta. Nikasema, "Subiri kidogo, wanakagua chumba." Akanitazama. Wenzake kumi na tano nyuma yake walisikia neno hilo, kukagua, kama vile mama amebeba taulo. Kisha bili ikatoka: shilingi 2,200.

Chupa nane za maji, 2,000. Soda, 200. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa, na hapo ndipo wengi hawanielewi. Bili inaweza kuwa sahihi na mgeni akawa amedanganywa. Chini ya jumla kulikuwa na mistari miwili, ya VAT ya asilimia 16 na ya ushuru wa utalii wa asilimia 2, takriban shilingi 298 na 37. Akauliza, "Na hizi tena ni za nini?" Zilikuwa tayari ndani ya zile 2,200, lakini orodha yangu ilisema "bei ni pamoja na kodi". Kwa sikio lake, maana yake ni bei, kisha kodi juu yake. Alilipa. Alilia akiwa ndani ya basi; mwenzake ndiye aliyenipigia simu kunieleza. Mimi nilikatwa mshahara, na msimamizi akaniambia mbele ya watu kwamba Kiswahili si lugha ya hoteli. Sijalisahau neno hilo hadi leo.

Kiswahili hakikukosa. Mimi ndiye nilitafsiri maneno badala ya kutafsiri malipo. Kwa hiyo dadangu, anza na pesa. Kabla hujagusa kamusi, mwulize meneja: ni tendo gani hasa linalomfanya mgeni adaiwe? Sisi tuliandika "utatozwa kwa utakachotumia". Mgeni mmoja mwenye dawa za sukari aliziweka ndani ya friji, kisha akaja kuuliza friji inatumiwa kwa bei gani. Alikuwa na haki. Siku hizi naandika: "Ukifungua kitu cha friji, utalipia. Ukikitoa na kukirudisha bila kukifungua, hulipi. Dawa na chakula chako weka bure." Lakini uliza kwanza, kwa sababu zipo friji zenye vihisio ambazo huandika deni chupa ikiinuliwa tu kwa sekunde kadhaa. Hapo sentensi yangu ingekuwa uongo, na mgeni aambiwe asiinue chupa hata kama anataka kuitazama tu.

Bei iandike hivi: "Shilingi 250. Kodi imo ndani, hakuna kinachoongezwa." Maji ya bure yaite ya bure, na useme yako wapi: mezani. Yale ya friji ni ya kulipia. Mimi sioni aibu ya neno "bure", ingawa mameneja wengi huona ni neno la sokoni. Na usiandike jokofu. Mgeni anasema friji.

Saa pia. Karatasi yetu ilisema friji hujazwa kati ya 9 na 12, nami nikaandika saa 9 hadi saa 12. Kumbe ni saa 3 hadi saa 6 mchana. Wageni walikuwa wakingoja mhudumu alasiri, ilhali ameshapita na kuandika deni lao.

Halafu lile swali la kuondoka. Tunauliza ya jana usiku kwa sababu ya siku zilizotangulia yameshaingizwa kwenye bili. Mgeni hajui. Anaposikia "jana usiku" anadhani hilo ndilo deni lote. Kwa hiyo mwonyeshe kwanza yaliyokwisha kuandikwa, siku kwa siku, tena jioni ya kuamkia safari, wakati bado ana nafasi ya kubisha na mhudumu wa chumba yuko kazini kujibu. Asubuhi sema: "Haya ya siku tatu umeyaona jana. Sasa tunahesabu vinywaji vya tangu jana, ni dakika tano." Sema kuhesabu vinywaji. Usiseme kukagua chumba kamwe. Na majina kwenye bili yafanane na ya orodha: kama orodha inasema "maji ya friji", bili isiseme kifupi cha herufi mbili ambacho mhasibu pekee anakijua.

Mwezi uliopita hoteli ya tatu imechukua orodha yangu, na yule msimamizi wa zamani amenitumia salamu. Sijajibu.

Ukimaliza, dada, usimpe meneja kwanza. Mpe mtu ambaye hajawahi kulala hotelini, umwambie akutajie atakachodaiwa. Mimi nilimpa jirani yangu anayeuza samaki. Alisoma mara moja, akataja kila bei sawasawa, kisha akauliza: "Na barafu?" Barafu ilikuwa ya bure, na hakuna aliyewahi kuiandika. Sasa ndiyo mstari wa kwanza.