Maswali na majibu: Klipu ya podikasti inayomleta msikilizaji

"Kipindi chetu kina dakika 45. Nachaguaje sekunde 40 za audiogramu, ile video fupi ya kuonjesha sauti ya kipindi mitandaoni? Mwenzangu anataka tuweke utani wa mwanzo kwa sababu tulicheka sana."

Utani uacheni ndani ya kipindi. Mlicheka kwa sababu mnajuana, ila anayepitisha kidole kwenye simu hawajui nyinyi wala mnayemtania. Tafuteni mahali mgeni anaposimulia jambo lililomkuta, maana maoni yake kuhusu biashara au siasa mtu anaweza kuyasikia popote.

Tuseme mgeni wenu anauza mitumba, na dakika ya 21 anasema: "Nimefungua belo la suruali, nusu nzima ni za watoto. Nikakaa chini palepale sokoni. Jirani yangu wa kibanda akaja, akaniambia, leo usiuze hata moja." Kateni hapo. Kisa kimeeleweka, na limebaki swali moja tu: kwa nini asiuze? Jibu analitoa dakika ya 23, basi maelezo ya klipu yaseme hivyo waziwazi. Mkiiacha klipu iendelee mpaka kwenye jibu, mtazamaji ameshashiba. Atawapa kopa na kuendelea na safari yake.

Kazi kubwa iko kwenye sentensi ya kwanza. "Ndiyo, kama nilivyosema, yeye akaja" haifai, kwa sababu anayekutana na klipu hajui nani kaja wala nini kilisemwa kabla. Toeni swali la mtangazaji, toeni "kwanza kabisa nashukuru", muanzie pale belo linapofunguliwa. Kisha msikilizisheni klipu hiyo mtu ambaye hajasikia kipindi, mumuulize anataka kujua nini zaidi. Akijibu "iko poa" tu, rudini mkatafute kipande kingine.

"Klipu imetazamwa mara 3,000 Instagram, lakini wasikilizaji ni walewale. Tatizo ni klipu?"

Inawezekana si klipu. Fungua takwimu zake uone watu wanaachia wapi. Wakiondoka sekunde chache tu za mwanzo, ufunguzi ni mbovu. Wakifika mwisho halafu hawabonyezi linki, ama umewapa jibu lote, ama njia ya kufika kwenye kipindi ni ndefu. Instagram linki iliyoandikwa kwenye maelezo ya posti haibonyezeki. Mtu inabidi aende kwenye wasifu wako, atafute linki, achague programu ya kusikilizia. Wengi wanachoka njiani. Weka stika ya linki kwenye stori, na klipu hiyohiyo ipeleke WhatsApp pamoja na linki ya kipindi chenyewe, si ya ukurasa wenu wa mwanzo.

Wakibonyeza na bado hawasikilizi, ijaribu linki hiyo kwenye simu ambayo haina akaunti yako. Huenda inawapeleka mahali wanapodaiwa kujisajili kwanza.

"Nitajuaje waliokuja wametokana na klipu, na si wasikilizaji wetu wa kila wiki?"

Usipime kwa kipindi kipya. Siku ya kukitoa, namba zinapanda zenyewe kwa sababu simu za wafuasi zinakipakua, na klipu itapewa sifa isiyo yake. Chukua kipindi mlichokitoa miezi mitatu iliyopita, ambacho namba zake zimeshatulia. Tuseme kinapakuliwa mara 4 kwa siku. Weka klipu yake Jumanne, usikitaje mahali pengine popote wiki hiyo, kisha fuatilia siku tano. Kikipanda hadi 30 Jumanne na 18 Jumatano kabla ya kurudi 4, hiyo ni kazi ya klipu. Kikibaki 5, umepata watazamaji bila wasikilizaji.

Tengeneza linki fupi mbili tofauti, moja ya WhatsApp na moja ya Instagram, ujue nani analeta watu. Mibonyezo haitalingana na upakuaji, wala usijisumbue kuilinganisha. Kwa kanuni za IAB, shirika la matangazo ya mtandaoni, ambazo majukwaa mengi yanazifuata, upakuaji unahesabiwa ikiwa imepakuliwa angalau dakika moja ya sauti, na kifaa kimoja kinahesabiwa mara moja ndani ya saa 24. Kifaa chenyewe kinatambuliwa kwa anwani yake ya mtandao na aina ya programu, na kwenye mitandao ya simu watu wengi huchangia anwani moja. Kwa hiyo wasikilizaji wawili wanaweza kuonekana mmoja. Linganisha mwenendo wa kipindi hichohicho kabla na baada ya klipu, usihangaike na idadi kamili.

Halafu angalia mstari wa usikilizaji kwenye Spotify au Apple Podcasts. Wasikilizaji wapya wakimiminika na wote wakaishia dakika ya 2, sogeza kisa cha belo karibu na mwanzo wa kipindi.

"Maandishi kwenye audiogramu ni lazima?"

Ndiyo, kwani wengi wanatazama sauti ikiwa imezimwa, daladalani au kazini. Yanayotengenezwa na programu yasome neno kwa neno: programu hukoroga Kiswahili, hasa majina ya watu na maneno marefu kama "hawajanilipa". Mistari miwili kwa wakati mmoja inatosha.