Ripoti ya duka ikifunguliwa kwenye laptopu namba zinaharibika, nifanyeje?

*Kaka habari, nimetengeneza apu ya duka kwa Laravel, ina kitufe cha kushusha ripoti ya mauzo kama CSV. Kwangu inafunguka fresh. Mwenye duka akifungua kwenye laptopu yake kila kitu kimejaa kolamu moja, na kwa mhasibu wake namba za simu zimekosa sifuri ya mbele alafu bakodi zinasoma 6.20123E+12. Tatizo ni kodi yangu au Excel yao?*

Salama kabisa. Kabla hujagusa kodi chukua hiyo hiyo CSV ifungue kwa Notepad, sio Excel. Ukiona sifuri ipo na bakodi ina tarakimu zake 13 basi apu yako imetoa data sahihi, kinachoharibu ni Excel inapoisoma. Na mimi nina uhakika ndo utakachokiona, kwasababu CSV ni maandishi matupu, haina sehemu ya kusema hii ni simu, hii ni hela, hii ni tarehe, kwahiyo mtu aki-dabo kliki Excel inajikisia yenyewe. Inaona 0712 na kuendelea inasema hii ni namba, na namba haianzi na sifuri, inaikata. Inaona bakodi, na kwenye seli ya kawaida namba ikizidi tarakimu 11 inaonyeshwa kwa ile E. Ndo maana hata simu ulizoandika kwa 255 mbele zinapata E maana zina tarakimu 12.

Hapa kuna kitu wengi hawakijui. Bakodi yenye E bado ni nzima ndani ya seli, mhasibu akibadili seli iwe Number bila desimali inarudi kama ilivyokuwa. Lakini akibonyeza Ctrl+S kwanza ikiwa bado CSV, Excel inaandika kile kinachoonekana, yani 6.20123E+12 inaingia kwenye faili kweli kweli na zile tarakimu za mwisho zimekwenda, hazirudi tena. Sifuri ya simu yenyewe hairudi hata kabla ya kusevu. Na kama una namba ya risiti ndefu kuliko tarakimu 15 hiyo ndo mbaya zaidi, Excel inashika 15 tu, zinazobaki inazigeuza sifuri papo hapo inapofungua.

Kuhusu kila kitu kujaa kolamu moja, muulize mwenye duka laptopu ameitoa wapi. Hizi laptopu za mtumba zinazotoka Ujerumani au Uholanzi mara nyingi Windows yake bado ina mipangilio ya kule, na kule mkato unatumika kwenye desimali kwahiyo Excel inategemea kolamu zitenganishwe kwa nukta mkato (;). Wewe umetenganisha kwa mkato, kwake ni mstari mmoja mrefu. Yatakukuta hayo hayo ukipata mteja wa Bujumbura au Lubumbashi mwenye Windows ya Kifaransa. Kuna watu watakwambia weka `sep=,` mstari wa kwanza, inasaidia kolamu ila haigusi simu wala bakodi, na program nyingine zinauona huo mstari kama data. Usipoteze muda nayo.

Dawa ni kuacha CSV kwa ripoti anayosoma binadamu, toa xlsx halisi. Nasema halisi kwasababu kuna ujanja wa kuandika jedwali la HTML ukalibatiza .xls, linafunguka lakini Excel inamwambia mtu kwamba fomati na jina la faili havilingani, mwenye duka anaogopa anadhani umemtumia virusi. Kwenye xlsx kila seli inabeba aina yake kwahiyo hakuna kukisia, na mipangilio ya Windows haikuhusu tena. Uko Laravel, tumia PhpSpreadsheet, kwa mstari mmoja wa mauzo inakuwa hivi:

```php
$s->setCellValue("A$r", Date::PHPToExcel($m->created_at));
$s->setCellValueExplicit("B$r", $m->barcode, DataType::TYPE_STRING);
$s->setCellValueExplicit("C$r", $m->simu, DataType::TYPE_STRING);
$s->setCellValue("D$r", (int) $m->jumla);

$s->getStyle("A2:A$r")->getNumberFormat()->setFormatCode('dd/mm/yyyy');
$s->getStyle("D2:D$r")->getNumberFormat()->setFormatCode('#,##0');
```

Angalia hiyo `setCellValueExplicit`, usiiache ukasema `setCellValue` inatosha. Laibrari nayo ina kukisia kwake, simu inayoanza na sifuri itaiacha kama maandishi ila bakodi inayoanza na 620 itaigeuza namba, unarudi kule kule kwenye E.

Sasa kwenye kolamu ya hela ndo naona madeveloppa wengi wa apu za duka wanakosea, wanaandika "12,500/=" kama ilivyo kwenye skrini ya simu. Kwa Excel hayo ni maandishi. Mwenye duka anaburuza kolamu nzima anaweka SUM anapata 0, anakupigia simu apu yako inaiba. Weka 12500 tupu kama namba, mkato wa elfu uletwe na hiyo `#,##0`, neno TZS liandike kwenye kichwa cha kolamu. Kujua haraka ni kutazama upande, namba inaegemea kulia ya seli, maandishi yanaegemea kushoto.

Tarehe ni hivyo hivyo. Ukiandika "03/04/2025" kama maandishi kwenye CSV, laptopu yenye mipangilio ya Kimarekani inaisoma tarehe 4 mwezi wa tatu, ila 13/04/2025 inaishinda maana hakuna mwezi wa 13 inaiacha kama maandishi. Kwahiyo ripoti ya mwezi wa nne inakuwa nusu imetawanyika miezi mingine na nusu haichujiki, na hakuna onyo lolote linalotokea. Kwa kodi ya juu tarehe inaingia kama tarehe, haina shida.

Mstari wa jumla chini weka tu `=SUM(D2:D$r)`, PhpSpreadsheet inapiga hesabu inapoandika faili na jibu linabaki ndani. Nakutajia kwasababu ukija kuhamia Python na openpyxl, yenyewe inaandika fomula bila jibu, na faili lililopakuliwa kutoka WhatsApp au email linafunguka kwanza na ule ukanda wa njano wa Enable Editing, hesabu hazipigwi mpaka abonyeze, kwahiyo mtu anaona jumla tupu au 0. Huko jumla ipige mwenyewe uandike kama namba.

Na yale mafaili ya CSV ambayo mhasibu tayari anayo asiyadabokliki tena. Afungue Excel tupu, aende Data, From Text/CSV, achague faili, pale kwenye Delimiter aweke Comma, kwenye Data Type Detection achague Do not detect data types, alafu Load. Simu na bakodi zitakuja nzima, ila hela nazo zitakuja kama maandishi, hiyo kolamu peke yake aigeuze kwa Text to Columns abonyeze Finish. Yale aliyokwisha kuyasevu na E ndani usihangaike nayo, mtolee upya kutoka kwenye database.