Hakiki jibu la nishati kwa njia ya pili

Nyinyi mnaoingia kidato cha tatu mtakutana na mada ya kazi na nishati, na mtaambiwa mapema kwamba kitu kinachoanguka bila kuzuiwa hakipotezi nishati. Ile ya kimo, yaani nishati tuli, inapungua, ile ya mwendo inaongezeka, na jumla yake inabaki pale pale. Mtaambiwa pia mhakiki jibu lenu kwa kulinganisha jumla ya juu na jumla ya chini. Ushauri huo ni mzuri, ila wengi wa wale ninaowasahihishia madaftari jioni hapa Lamu hufanya uhakiki ambao hauwezi kukataa jibu lolote, hata likiwa bovu.

Tazama unavyokwenda. Dafu la kilo 2 linaanguka kutoka kwenye mnazi, mita 20 juu ya ardhi. Kani ya uvutano tunaichukua kuwa nyutoni 10 kwa kilo. Mwanafunzi anaandika mgh = ½mv², ambapo m ni tungamo, g ni uvutano, h ni kimo na v ni kasi, anapata kasi ya chini kuwa mita 20 kwa sekunde. Kisha anahakiki: juu, 2 × 10 × 20 ni jouli 400, chini, ½ × 2 × 20² ni jouli 400. "Mwalimu, zimelingana." Zitakosaje kulingana? Kasi yenyewe aliipata kwa kuzilazimisha zilingane. Alichopima ni kama alizidisha na kutoa kipeo sawasawa, basi. Angesoma kimo vibaya akaweka mita 12 badala ya 20, angepata kasi nyingine, na jumla zingelingana vilevile.

Uhakiki wa maana unataka kasi iliyopatikana bila kutumia nishati. Kwa kitu kinachoanguka njia hiyo ipo karibu: tumia muda. Dafu linaongeza kasi mita 10 kwa sekunde kila sekunde, na umbali lililoanguka ni 5t², t ikiwa muda kwa sekunde. Baada ya sekunde 1 limeanguka mita 5, kwa hiyo liko mita 15 juu ya ardhi, na kasi yake ni 10. Nishati tuli ni 2 × 10 × 15, yaani jouli 300. Ya mwendo ni ½ × 2 × 10², yaani jouli 100. Jumla 400. Baada ya sekunde 2 limeanguka mita 20 kamili, kasi ni 20, nishati yote imekuwa ya mwendo, nayo ni jouli 400. Sasa una jumla tatu, ya juu, ya katikati na ya chini, na mbili kati yake zimepita njia ambayo haikujua lolote kuhusu mgh = ½mv². Zikilingana, kulingana kwake kuna uzito.

Mimi husisitiza sana ile nukta ya katikati, kwa sababu makosa mengi hujificha pale. Muulize mtu kasi ya dafu likiwa nusu ya njia, mita 10 juu, na mara nyingi atakujibu 10, nusu ya 20. Pima: nishati tuli ni 200, ya mwendo kwa kasi ya 10 ni 100, jumla 300. Jouli 100 zimekwenda wapi, na hakuna kilicholizuia dafu? Hazikwenda popote, kasi ndiyo si sahihi. Nishati ya mwendo ndiyo inayopaswa kuwa nusu, si kasi, na kwa kuwa kasi inaingia ikiwa na kipeo cha pili, inatoka kuwa karibu 14.1.

Jumla zikikataa kulingana, usikimbilie kufuta. Gawanya nishati ya mwendo uliyoipata kwa ile uliyoitarajia, na uwiano wenyewe mara nyingi utakuonyesha kosa. Ukipata mara mbili kamili, umesahau ile nusu mbele ya mv². Ukipata robo kamili, huenda umetumia kasi ya wastani badala ya kasi ya mwisho: umegawanya mita 20 kwa sekunde 2, ukapata 10, ukaiita kasi ya kufikia ardhini. Kitu kilichoanza kikiwa kimetulia na kinachoongeza kasi kwa kiwango kilekile huwa na kasi ya mwisho mara mbili ya wastani. Na ukikuta tofauti ya asilimia 2 hivi, tazama kama hukutumia 10 upande mmoja na 9.8 upande mwingine.

Kuna makosa ambayo ulinganishaji huu hauwezi kuyakamata kwa njia yoyote, na mojawapo ni la tungamo. Kilo ziko pande zote mbili. Ukiandika 2000 kwa sababu umeacha gramu bila kuzigeuza, jumla ya juu itakuwa 400,000 na ya chini 400,000, sawa kabisa, na kasi itabaki sahihi. Hapo kinachokuokoa ni kulitazama lile jibu na kujiuliza kama dafu moja linaweza kubeba jouli laki nne.

Sasa tuje kwenye kuteleza, ambako jumla mbili za kawaida hazitakiwi kulingana, na hapo ndipo wageni wa mada hii hupotea. Maji yakipwa, jahazi lililofungwa gatini linakuwa chini sana. Tuseme ubao wa mita 5 umeegemezwa kutoka gatini hadi jahazini, na tofauti ya kimo ni mita 3. Sanduku la samaki na barafu la kilo 30 linaachiliwa juu, likiwa limetulia, liteleze lenyewe. Kizigeu cha msuguano kati ya sanduku na ubao ni 0.5. Linafika chini kwa kasi gani?

Kwanza chukua kimo, si urefu wa ubao. Nishati tuli juu ni 30 × 10 × 3, yaani jouli 900. Aliyeweka 5 atapata 1500, na hesabu yake yote itakwenda kombo tangu mstari wa kwanza. Pembeni mwa ubao kuna pembetatu ya 3, 4 na 5, kwa hiyo kani ambayo sanduku linaubana ubao ni 300 × 4/5, nyutoni 240, na msuguano ni nusu yake, nyutoni 120. Msuguano unafanya kazi njia nzima ya mita 5, hapa urefu wa ubao ndio unaotumika, na unageuza jouli 600 kuwa joto. Zinabaki jouli 300 za mwendo. Kutoka ½ × 30 × v² = 300 tunapata v² = 20, kasi karibu 4.47.

Hilo ni jibu la njia ya nishati. Njia ya pili iwe ya kani. Sehemu ya uzito inayovuta kuelekea chini ya ubao ni 300 × 3/5, nyutoni 180. Toa msuguano wa 120, zinabaki 60. Gawanya kwa kilo 30: mchapuko ni mita 2 kwa sekunde kila sekunde. Kwa mita 5 kutoka kutulia, v² ni mara mbili ya mchapuko mara umbali, 2 × 2 × 5, yaani 20. Ni ile ile. Kisha fanya na katikati ya ubao, baada ya mita 2.5: kimo kilichobaki ni mita 1.5, nishati tuli 450. V² ni 10, nishati ya mwendo 150. Msuguano umekwisha kula 120 × 2.5, jouli 300. Jumla ya zote tatu ni 900.

Angalia kwamba nimejumlisha vitu vitatu. Ukilinganisha tuli na mwendo peke yake, juu una 900, katikati 600, chini 300, na kupungua huko si kosa. Linalohakikiwa ni ukubwa wa pengo: lazima liwe sawa na kani ya msuguano mara umbali ulioteleza. Mwanafunzi akiniambia "pengo ni msuguano" bila kulipima, simpi alama, kwa sababu msuguano umekuwa jalala la kutupia kila hesabu isiyokubali.

Upande wa pengo nao unasema kitu. Sanduku lililoachiliwa bila kusukumwa haliwezi kufika chini likiwa na zaidi ya jouli 900. Kwa hiyo hata kabla hujajua msuguano, unajua kasi haiwezi kuzidi mzizi wa 60, karibu 7.75. Mtu akikuletea jibu la 8, nishati yake ya mwendo ni 960, na unaweza kulikataa papo hapo. Isipokuwa hamali alilisukuma. Kama lilianza kwa kasi ya mita 2 kwa sekunde, juu tayari kulikuwa na jouli 60 za mwendo, jumla ya kuanzia ni 960, na chini zitabaki 360, wala si 300. Soma swali vizuri: "linaachiliwa" na "linasukumwa" ni hesabu mbili tofauti.

Kuhusu kukadiria desimali, kumbuka kwamba kosa dogo la kasi huongezeka karibu maradufu linapofika kwenye nishati, kwa sababu ya kile kipeo. Ukiandika 4.5 badala ya 4.47, nishati ya mwendo inakuwa karibu 304 na jumla yako inavuka 900 kidogo. Hiyo ni desimali tu. Ukiandika 4, inashuka hadi 240, jouli 60 zimepotea, na hutajua tena kama ni kukadiria au ni kosa la kweli. Ukiwa na v² = 20, itumie hiyo hiyo kwenye uhakiki bila kutoa mzizi kabisa.

Tahadhari ya mwisho ni ya vitu vinavyobiringika. Weka kwenye ubao uleule bomba la kilo 30 lenye ukuta mwembamba lililolazwa kwa upana, libiringike bila kuteleza, na chini utapata v² = 30, ambayo kwa ½mv² ni jouli 450 tu. Usilijaze pengo la 450 kwa joto la msuguano. Bomba halitelezi juu ya ubao, kwa hiyo ule mtindo wa kani mara umbali haufanyi kazi hapa. Jouli hizo zimo ndani ya mzunguko wa bomba lenyewe, na nishati yake ya mwendo ni ya kwenda mbele pamoja na ya kuzunguka.