Barua kwa mwanangu kuhusu tiba shufaa ya mjomba wako

"Mama, daktari amemwandikia mjomba aende kliniki ya tiba shufaa. Kaka anasema huko hupelekwa mtu asiye na matibabu tena. Je, tumeshamkatia tamaa?"

Mwanangu mpendwa,

Hapana. Mwambie na kaka yako asome barua hii kabla hajazungumza tena mbele ya mgonjwa.

Saratani ya tezi dume ya mjomba wako imeingia kwenye mifupa ya mgongo, na hali hiyo haiponyeki. Jambo hilo tuliambiwa wazi na sitakuficha. Lakini ugonjwa usioponyeka bado unaweza kuzuiwa kwa muda. Ndiyo maana ile sindano ya kila miezi mitatu, inayopunguza homoni za kiume zinazoilisha saratani, haikusimamishwa. Tiba shufaa imeongezwa juu yake ili kushughulikia yale yanayomtesa leo, yaani maumivu, kukosa usingizi, choo kigumu na hofu yake ya kuwa mzigo kwenu. Kumkatia tamaa kungekuwa kumrudisha nyumbani na panadoli huku mgongo unamwaka moto.

Hata mionzi aliyopangiwa ni sehemu ya kazi hiyo. Atapigwa mara moja tu, mahali panapouma, si kwa lengo la kuiondoa saratani bali kutuliza mfupa. Nafuu yake huweza kuchukua wiki mbili au zaidi, na katika kipindi hicho chote mtu hawezi kuachwa alie. Hapo ndipo mofini ya maji inapoingia, na najua ndiyo iliyowatisha zaidi.

Chupa aliyopewa ina miligramu 1 katika kila mililita 1, naye ameanzishiwa mililita 5 kila baada ya saa nne: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, kisha saa 4 usiku hupewa dozi mbili kwa pamoja ili alale mpaka asubuhi. Msingoje aumwe ndipo mmpe. Nilipokuwa muuguzi wodini niliwahi kuona mgonjwa akipewa mofini pale tu anapopiga kelele, kwa sababu ndugu waliogopa atakuwa teja. Alishinda akipanda na kushuka, mara maumivu makali, mara usingizi mzito, na mwishowe kila mtu akasema dawa haifai. Dawa ilikuwa nzuri, ila saa hazikufuatwa. Maumivu yakichomoza katikati ya dozi, mpeni kiasi kilekile cha ziada kama kliniki ilivyoelekeza, na mwandike kwenye daftari. Daftari hilo ndilo litakalomwonyesha daktari kama dozi ipandishwe, pengine hadi mililita 7.5, ninyi msiipandishe wenyewe.

Siku mbili tatu za mwanzo atasinzia na huenda akasikia kichefuchefu, kisha mwili huzoea. Choo kigumu hakizoeleki, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo aimeze kila siku tangu siku ya kwanza. Mkiona haamshiki kwa urahisi au anapumua polepole mno, msimpe dozi inayofuata. Pigieni kliniki mara moja, na ikiwa hampati jibu mpelekeni hospitali. Ikitolewa kwa kipimo sahihi, mofini haimharakishii mtu kifo.

Sasa sikiliza jambo ambalo ningependa ulishike kuliko yote. Miguu yake ikianza kulegea au kufa ganzi, au akishindwa kuzuia au kutoa mkojo, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Huenda uvimbe umeubana uti wa mgongo, na saa chache zinaweza kuamua kama atatembea tena. Mgonjwa wa tiba shufaa ana haki ya dharura hiyo kama mgonjwa mwingine yeyote. Asiwepo mtu wa kusema "mwacheni apumzike".

Mwaka 2010 madaktari wa Marekani walichapisha utafiti kuhusu wagonjwa wa saratani ya mapafu iliyosambaa. Waliopata tiba shufaa mapema pamoja na matibabu yao ya kawaida waliishi karibu miezi 12, na waliopata matibabu ya kawaida peke yake karibu miezi 9. Ugonjwa wa mjomba ni mwingine, kwa hiyo sikuahidi miezi; nakuonyesha tu kwamba hawakuachwa wafe.

Huenda siku itafika ambapo sindano haitamsaidia tena, na dawa nyingine itamchosha kuliko inavyomfaa. Ikisimamishwa siku hiyo, mofini, usafi wa mwili, kugeuzwa kitandani na mazungumzo vitaendelea. Ila uamuzi huo ni wake kwanza, maana akili yake ni timamu. Muulizeni sasa anataka kuuguzwa wapi na nani amsemee akishindwa. Nitafika Jumamosi, daftari nilikute limeandikwa saa zote.

Mama yako