Wasifu mmoja, skana mbili, alama mbili

Shikamoo. Naomba kazi ya kutunza ghala Kibondo. Wasifu wangu nimeupitisha kwenye tovuti mbili za skana, zile zinazolinganisha maneno ya wasifu na ya tangazo la kazi kisha kukupa alama kwa mia, na tangazo ni lilelile. Moja imenipa 75, nyingine 45. Niamini ipi? (Mwanga, Kigoma)

Marahaba, mdogo wangu. Ripoti zote mbili ulizonitumia nimezisoma, na kila moja kwa hesabu yake iko sawa. Zote zimekuta maneno 9 kwenye wasifu wako, tena yaleyale 9. Tofauti ni idadi ya maneno ambayo kila skana iliyachota kwenye tangazo kabla ya kuanza kukukagua. Ya kwanza ilichota 12, na 9 kwa 12 ni asilimia 75. Ya pili ilichota 20, na 9 kwa 20 ni 45.

Ukiangalia orodha ya ya kwanza, ni ujuzi mtupu: "stock cards", "inventory management", "waybill" na mengine ya stoo. Ya pili imeokota karibu kila neno lililojitokeza. Ndiyo maana kati ya yale 8 ya ziada kuna "teamwork", "communication", "integrity", "flexible" na "proactive", kuna "monthly", na kuna hata "Kibondo". Umekatwa alama kwa sababu jina la wilaya halimo kwenye wasifu wako. Hilo lisikunyime usingizi.

La nane ndilo lililonifanya nikupigie simu. Ni "fuel". Tangazo linataka mtu wa kutunza kumbukumbu za mafuta ya magari na jenereta, na wewe umeniambia miaka miwili yote ulikuwa unajaza daftari la dizeli kazini. Hukuliandika popote! Liandike leo: ulikuwa unapima nini, unajaza kila baada ya muda gani, nani alikuwa anasaini. Skana ya pili itapanda hadi 10 kwa 20, yaani 50 tu. Ya kwanza itabaki 75 palepale, kwa kuwa neno hilo haikulichota kabisa. Alama hazitaonyesha mabadiliko makubwa, lakini mwajiri ataona jambo aliloliomba kwa maandishi.

Zipo pia tovuti zinazotoa uzito tofauti, kwa mfano cheo kinachofanana na cha tangazo kikahesabiwa zaidi ya neno la kawaida. Nyingine huchanganya humohumo alama za urefu wa wasifu na mpangilio wake. Kwa hiyo 75 ya tovuti moja huwezi kuilinganisha na 45 ya nyingine. Soma orodha ya maneno yaliyokosekana, neno kwa neno, kisha jiulize lipi ulilifanya kweli ukasahau kuliandika.

Nimeandika "stock control" kwa maandishi makubwa kabisa. Skana moja inaliona, nyingine inasema halipo. Inawezekanaje? (Nzega, Tabora)

Dada, wasifu wako uko kwenye safu mbili: kazi upande wa kushoto, ujuzi umebanwa upande wa kulia. Kwa macho unapendeza. Skana haina macho, inatoa maandishi kwenye faili na kuyapanga mstari mmoja baada ya mwingine. Iliyofaulu ilimaliza safu ya kushoto kwanza ndipo ikaenda ya kulia. Iliyoshindwa ilisoma moja kwa moja kutoka kushoto hadi kulia, ikavuka safu zote mbili. Nililifungua faili lako kwa njia hiyo ya pili, nikapata hivi:

```
Storekeeper, 2019 - 2022 Stock
Received goods and signed control
waybills for three depots Excel
```

Umeona "Stock" imeishia mstari wa kwanza na "control" imeangukia wa pili? Katikati yake kumeingia maneno ya kazi yako ya zamani. Kwa skana inayotafuta maneno hayo mawili yakiwa yamefuatana, kweli hayapo.

Kipimo chake ni rahisi na hakili bando. Fungua PDF, chagua maandishi yote, nakili, kisha bandika kwenye Notepad, au jitumie kwa meseji ukiwa kwenye simu. Ukikuta mchanganyiko kama huo, rudi steshenari wakupangie kila kitu kwenye safu moja, bila jedwali wala visanduku. Na kama hakuna kinachonakilika kabisa, basi faili lako ni picha ya karatasi, na skana isiyojua kusoma picha itakupa alama za chini hata kama una sifa zote.

Safu zikishakuwa sawa, angalia vifupisho. Umeandika "GRN" peke yake, tangazo linasema "goods received note". Baadhi ya skana zinajua kuwa ni kitu kimoja, nyingine hazijui. Andika yote mawili mara ya kwanza unapolitaja.

Kijana wa steshenari ananiambia nibandike tangazo zima chini ya wasifu kwa maandishi meupe, nitapata 100. Nikubali? (Kasulu)

Usikubali, kaka. Maandishi yakitolewa kwenye faili rangi inabaki nyuma, kwa hiyo afisa anayekusoma kwenye mfumo wake anaweza kukuta tangazo lake mwenyewe limemwagwa mwishoni mwa wasifu wako. Hiyo 100 ni ya tovuti uliyoipitishia tu, na ukiitwa kwenye usaili utaulizwa ulichoandika.

Ninaomba kazi serikalini kupitia Ajira Portal. Nilenge alama ngapi? (Urambo)

Hakuna alama ya kulenga. Tovuti hizo za skana hazina uhusiano na mfumo wa Sekretarieti ya Ajira. Kule unajaza taarifa zako kwenye nafasi zilizowekwa na kupandisha vyeti. Muda wako uutumie kuhakiki kwamba jina la kozi na majina yako yanafanana kila mahali, na kwamba sifa za tangazo unazo.

Tangazo langu ni la Kiswahili na wasifu pia. Skana moja imenipa 12, nyingine 60. Nimechanganyikiwa. (Tabora mjini)

Pole, mwalimu. Skana nyingi zimetengenezwa kwa Kiingereza. Zinajua kwamba "managed" na "management" ni ndugu kwa sababu mwanzo wake ni mmoja, hivyo zinakata mkia tu. Kiswahili chetu kinabadilika mbele. Tangazo lako linasema "usimamizi wa mitihani", wewe umeandika "nilisimamia mitihani". Msomaji yeyote anaelewa papo hapo, ila skana inayokata mikia inaona maneno mawili yasiyojuana. Hapo ndipo 12 inapotoka.

Ile 60 nayo isikufurahishe. Nimeiangalia ripoti yake: alama nyingi zimetoka kwenye namba ya simu, barua pepe, tarehe za kazi na urefu wa kurasa mbili. Kuhusu tangazo lenyewe haikulinganisha karibu chochote.

Kwa tangazo la Kiswahili, chapisha karatasi mbili uziweke mezani. Pigia mstari kila kazi inayotajwa kwenye tangazo, kisha uitafute kwenye wasifu wako kwa kalamu. Ukikuta "usimamizi wa mitihani", andika maneno hayohayo kwenye wasifu, halafu taja mwaka, kidato na idadi ya wanafunzi uliowasimamia.