Acha kumwambia mwenye duka kwamba mbegu "inashinda ukame"

Swali: Mtaalamu, mimi ni afisa mauzo wa kampuni ya mbegu. Tuna aina mpya ya mahindi yanayostahimili ukame, nimetuma imeili kwa maduka ya pembejeo 140 ambayo hatujawahi kufanya nayo biashara, wamejibu watatu tu na wote wamekataa. Niliandika: "Mbegu inayoshinda ukame, mavuno mara mbili hata mvua zikigoma, agiza sasa nafasi ni chache." Nimekosea kichwa cha imeili, au ni kwa sababu niliwatumia wote kwa mkupuo?

Jibu: Mkupuo una shida yake na nitaugusia, lakini ndugu yangu, hata ungewaandikia mmoja mmoja kwa maneno hayohayo wangekataa tu. Shida ni hilo neno "inashinda". Naliona kila msimu, kwenye imeili, kwenye mabango, mpaka kwenye pakiti zenyewe, na kila nikiliona najua kuna mwenye duka atakayekuja kutukanwa na wateja wake kwa ahadi ambayo hakuitoa yeye.

Hakuna mahindi yanayoshinda ukame. Yapo yanayopoteza kidogo kuliko mengine ukame ukija wakati fulani, na hapo kwenye "wakati fulani" ndipo watu wa mauzo wanaporuka. Hindi linaumia zaidi na kiu linapotoa maua, kuanzia kama wiki mbili kabla ndevu hazijatoka hadi wiki mbili tatu baada ya hapo. Mmea ukibanwa na kiu kipindi hicho, mbelewele juu inaendelea kumwaga chavua kama kawaida, ila ndevu za hindi huku chini zinachelewa kutoka, na zikija kutoka chavua imeshaisha au imebaki kidogo, ndiyo unavuna gunzi lenye punje chache zilizotawanyika au halina kabisa. Watafiti wa mbegu wa CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano kule Meksiko, walianza tangu miaka ya 1970 kuchagua mimea kwa kuinyima maji makusudi wakati wa maua, na moja ya vitu walivyoangalia sana ni hiyo tofauti ya siku kati ya mbelewele na ndevu. Mmea ambao ndevu zake hazichelewi hata ukiwa na kiu, huo ndio wanaubakiza. Kwa hiyo ukiandika "inastahimili ukame", mara nyingi maana yake hasa ni kwamba mvua ikikatika wakati wa maua, bado utapata punje.

Sasa ona kisichokuwemo. Mkulima akipanda, mvua ikanyesha mara mbili halafu ikapotea wiki tatu, miche ikakauka, sifa hiyo haimsaidii sana, atapanda upya kama jirani yake aliyepanda mbegu ya kawaida. Na wengi wanachanganya na kukomaa mapema, ambayo ni habari nyingine. Mbegu ya siku 95 inaweza isiwe na ustahimilivu wowote, inakwepa tu ukame kwa kumaliza kabla mvua hazijaisha, na ikikutwa katikati ya maua inaumia kama nyingine. Mwenye duka anahitaji kujua aina yako ni ipi kati ya hizo mbili, au ina zote, maana ndiye atakayeulizwa pale kaunta.

Niliwahi kuitwa kuangalia mashamba mawili ya wateja wa duka moja, mbegu moja, loti moja. Wa kwanza alipanda mapema, mvua ikamkatikia maua yakiwa yametoka, akavuna, si vizuri sana, ila alivuna wakati majirani zake walibaki na magunzi matupu. Wa pili alichelewa kupanda, ukame uleule ukamkuta mahindi yana majani manne, shamba lote likaungua. Huyu wa pili ndiye aliyekwenda dukani na pakiti mkononi, imeandikwa "inashinda ukame", akadai hela yake mbele ya wateja. Kampuni haikupokea simu. Mwenye duka alimlipa kutoka mfukoni na msimu uliofuata hakuweka tena mbegu ya kampuni ile, na hakuweka mbegu mpya ya mtu yeyote. Kati ya hao 140 uliowaandikia, wenye kisa kama hiki si haba.

Hiyo "mara mbili" yako nayo, mara mbili ya nini? Tuseme kwa mfano majaribio yenu yalitoa tani 2.5 kwa hekta ukame ulipopiga wakati wa maua, na mbegu iliyozoeleka ikatoa tani 1.8 pembeni yake. Ukiandika "asilimia 39 zaidi" mwenye duka anaona tangazo, lakini ukiandika kwamba tofauti ni kama kilo 280 kwa ekari, yaani karibu magunia matatu ya kilo 100, na ukaitaja kwa jina mbegu mliyolinganisha nayo, hapo anapata kitu anachoweza kumwambia mkulima. Halafu ongeza namba ya msimu wenye mvua nzuri, maana swali lake la pili litakuwa hilo, mvua ikinyesha vizuri hii mbegu inaachwa nyuma? Kama inaachwa, sema. Kama hamna namba za majaribio bado, usiandike imeili, subiri.

Tuje kwenye hofu yake kubwa, ambayo hukuigusa hata kwa neno moja. Mbegu mpya isipouzika inabaki kuwa mzigo wake. Hawezi kuiuza kama chakula kwa sababu imepakwa dawa, na akiiweka mpaka msimu ujao uotaji unashuka, hasa kwenye chumba cha bati chenye joto. Kuna kanuni ya zamani ya watu wa mbegu, kwamba kila unyevu wa mbegu ukipanda kwa asilimia 1, au joto la ghala likipanda kwa takriban digrii 5, maisha ya mbegu yanapungua kwa nusu. Kwa hiyo ukimwambia "agiza sasa nafasi ni chache" unamsukuma abebe hasara yako, na yeye biashara hii anaijua. Kitakachomfanya ajibu ni kumwambia mapema mtachukua zisizouzika, kwa masharti gani na mwisho lini, na kumruhusu aanze na kidogo. Pakiti 20 za kilo 2 ni kilo 40, kwa kilo 10 za ekari moja hizo zinatosha ekari nne, mzigo wa kujaribia usiomuumiza mtu.

Ningekuwa wewe ningeandika hivi, halafu naweka namba zangu za kweli:

Kichwa: Mahindi mapya ya siku 115, pakiti 20 za kujaribia, zisizouzika tunazichukua

"Habari za kazi. Naandika kutoka kampuni ya (jina), hatujawahi kufanya kazi pamoja. Tuna mahindi chotara yaliyosajiliwa mwaka (mwaka), namba ya usajili (namba). Yanakomaa siku 115. Mvua ikikatika wakati wa maua, kwenye majaribio yetu yalitoa tani 2.5 kwa hekta na (mbegu iliyozoeleka) ikatoa 1.8. Mvua ikiwa nzuri yanalingana nayo. Hayasaidii mvua ikikatika miche ikiwa midogo, na mbegu ya kubakiza haifai kupandwa tena. Tunaomba uanze na pakiti 20 za kilo 2. Ambazo hazijafunguliwa mpaka wiki ya sita baada ya mvua kuanza tunakuja kuzichukua kwa gharama yetu, na hela yako tunarudisha. Shamba la mfano lipo (mahali), unakaribishwa kuliona. Nikupigie Jumanne au Alhamisi?"

Basi, imeisha hapo. Usiweke picha kubwa, usiambatanishe broshua ya kurasa 12, wengi wanasoma kwenye simu nyuma ya kaunta mteja akiwa anasubiri. Ile sentensi ya "hayasaidii" bosi wako atataka kuifuta. Mwambie hiyo ndiyo inayofanya zile nyingine ziaminike, na ndiyo itakayomkinga mwenye duka siku mkulima wa pili atakapokuja na pakiti.

Kuhusu mkupuo: imeili 140 zinazofanana zikitoka kwa pamoja kwenye anwani ambayo haijawahi kuandikiana na wapokeaji, nyingi zinaangukia kwenye barua taka, na ukiweka anwani zote kwenye Cc umegawa anwani za watu bila idhini yao. Tuma 10 au 15 kwa siku, taja jina la duka, anza na maduka yaliyo karibu na shamba la mfano, na anza wiki nane kabla ya msimu kwa sababu mvua zikishaanza oda zimeshafungwa. Asiyejibu mkumbushe mara moja baada ya wiki, halafu mpigie simu. Akikuambia usimwandikie tena, mfute kwenye orodha siku hiyohiyo.

Na wale wanaouza orodha ya "imeili elfu tano za wauza pembejeo" pamoja na barua ya kunakili, usiwape hata senti. Nimeziona hizo orodha, nusu ni anwani zilizokufa, na hiyo barua yao ndiyo chanzo cha "nafasi ni chache" kwenye kila imeili ninayoletewa. Mtu huyohuyo mwezi uliopita alikuwa anauza barua ya mikopo au ya sabuni, kisha anabadilisha neno moja anaweka "mbegu". Mbegu inakaa ardhini msimu mzima ndipo mkulima ajue alinunua nini, na ikigoma mwaka wake umeshapita.

Nanyi wenye maduka mnaosoma hapa, kwa sababu najua mpo, imeili ya namna hii ikiwafikia ombeni vitu viwili kabla ya kujibu kingine chochote: namba ya usajili wa aina hiyo, mkaihakiki kwa mamlaka ya mbegu ya nchi yenu, na picha ya lebo ya loti mtakayoletewa, inayoonyesha asilimia ya uotaji na tarehe ya kupimwa. Mzigo ukifika linganisheni lebo na picha, hesabuni punje 100 kutoka pakiti moja, ziotesheni kwenye mchanga wenye unyevu kwa siku 7 na mhesabu zilizoota. Zikiwa chini sana ya lebo, msiuze hata pakiti moja, waandikieni kampuni na mtaje namba ya loti. Anayetaka hela ya utangulizi wakati lebo ya loti hana, msimtumie.