Ukiandika dondoo za ziara ya kiongozi, anzia kwenye kilula cha mwisho

Wengi mnaoingia wizarani mnapewa kazi hii mapema: Katibu Mkuu au Naibu Waziri anakwenda kukagua mradi wa maji kijijini, na wewe uandae dondoo. Mara nyingi mtu hunakili taarifa ya utekelezaji iliyotoka wilayani, anabadilisha kichwa cha habari, kazi imekwisha. Kiongozi anafika eneo la mradi akiwa anajua kile kile atakachosomewa na meneja wa maji wa wilaya dakika kumi baadaye. Hiyo haimsaidii. Dondoo zinatakiwa zimwezeshe kuona kile ambacho taarifa haikusema.

Usuli usizidi nusu ukurasa: mradi unahudumia vijiji gani, fedha za nani, mkandarasi nani, mkataba ulitakiwa uishe lini, amelipwa hati za malipo ngapi na ipi bado. Andika pia kiongozi gani alipita hapo kabla na aliahidi nini. Hilo wananchi hawasahau, na ndilo swali la kwanza kwenye mkutano wa hadhara.

Nguvu zako zipeleke kwenye maswali, na kabla ya kuyaandika piga hesabu. Tuchukue mradi wa mfano: kisima kinachotoa lita 10,000 kwa saa, pampu ya sola, tenki la lita 100,000 na vilula 20, yaani vituo vya kuchotea maji. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilitaka kila mwananchi wa kijijini apate lita 25 kwa siku, ndani ya mita 400 kutoka nyumbani, na kituo kimoja kihudumie watu 250. Kwa vilula 20 hao ni watu 5,000, wanaohitaji lita 125,000 kwa siku. Ili kuzipata, pampu lazima ifanye kazi saa 12 na nusu. Jua lenye nguvu ya kuiendesha sawasawa halifiki hapo. Ukikadiria saa sita, unapata lita 60,000, chini ya nusu ya mahitaji. Taarifa inaweza kusema mradi umekamilika kwa asilimia 100 na isiwe imedanganya, kwa sababu inahesabu bomba na zege. Maji ni hesabu nyingine.

Kwa hiyo usimwandikie kiongozi aulize "mradi unaendeleaje?" Mwandikie hivi: "Pampu inasukuma maji kwa saa ngapi kwa siku? Naomba kuona daftari la usomaji wa dira ya maji kwa miezi mitatu iliyopita." Daftari hilo linatakiwa kuwepo kwenye chombo cha watumia maji cha kijiji. Tenki linaweza kujazwa usiku wa kuamkia ziara kwa kufunga vitongoji vingine, lakini usomaji wa miezi mitatu haupikwi kirahisi namna hiyo. Kisha pendekeza asimame kwenye kilula kilicho mwisho wa bomba, si kile kilichofungwa utepe, na amuulize mama aliyepo pale na ndoo yake maji hutoka siku zipi na saa ngapi. Taja kitongoji chenyewe na umbali kwa gari, vinginevyo msafara hautafika huko.

Mambo nyeti yaandike kwenye karatasi yake peke yake, umkabidhi mkononi au msaidizi wake. Dondoo huachwa mezani kwa Mkuu wa Wilaya, hupigwa picha, huzunguka. Na usiandike "kuna changamoto ya ardhi". Andika kwamba familia moja inadai fidia ya eneo la tenki, kwamba muhtasari wa mkutano wa kijiji unasema eneo lilitolewa kwa hiari, na kwamba shauri liko Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, hivyo asitoe uamuzi jukwaani hata akishangiliwa.

Jingine linalowaponyoka wageni: tangu sheria ya mwaka 2019 ianzishe RUWASA, Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, wahandisi wa maji wa wilaya hawako chini ya mkurugenzi wa halmashauri. Diwani akisimama kulalamikia maji, kiongozi anaweza kumgeukia mkurugenzi na kumfokea mbele ya watu wake kwa kazi isiyo yake. Mstari mmoja tu kwenye karatasi ile unazuia aibu hiyo.

Mwisho weka anachoweza kuahidi. Kama fedha za kuongeza paneli hazimo kwenye bajeti ya mwaka huu, liandike hilo waziwazi, na umpe sentensi anayoweza kuitamka: kwamba wataalamu watapima uwezo wa kisima na majibu yataletwa kwenye mkutano wa kijiji kufikia mwezi fulani. Mwezi huo usiubuni; kubaliana kwanza na meneja wa wilaya. Jioni kabla ya safari mpigie simu tena, umuulize kama pampu bado inafanya kazi.